Pale Penye Unene

Baba yangu alichoma samaki Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, kwa miaka mingi kuliko ile niliyokaa shuleni. Kila asubuhi, kabla mteja yeyote hajapewa sahani, yeye ndiye aliyemwonja samaki wa kwanza. Alibandua kipande nyuma ya kichwa, pale penye unene kuliko kwingine kote, akakitia mdomoni bila chumvi wala ndimu, akatafuna huku akiangalia malori yakipita. Akishameza, aliguna. Mguno huo ukitoka, nami nilianza kusonga ugali.

Nilimwita Nau, kama sisi Wakamba tunavyowaita baba zetu. Niliwahi kumuuliza kwa nini aonje kila siku wakati kazi yenyewe anaijua hata akifumba macho.

"Makaa ya leo si ya jana," akasema. "Na huyu samaki hajui kama mimi nimezoea. Lazima niulize."

Kibanda chetu kilikuwa na nusu ya pipa la mafuta lililojazwa makaa, wavu wa chuma juu yake, meza tatu na mabati. Samaki aina ya changu walitoka Mombasa na mabasi ya asubuhi, ndani ya maboksi ya barafu. Tilapia walitoka kwenye mabwawa ya huku kwetu. Wote tuliwaweka kwenye friza ya jirani, mama mmoja Msomali mwenye duka, ambaye alikuwa amemzoea Nau kiasi cha kumgombeza kama kaka yake. Mimi nilipika ugali, nikakata kachumbari, nikaosha sahani, nikahudumia watu. Moto ulikuwa wa Nau. Niliachika kwa mume wangu nikaja kukaa na Nau, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kugeuza samaki hata mmoja. Hakunikataza. Ni vile tu sikuona pengo la kuingilia.

Ufundi aliupata ujanani, alipokuwa utingo wa lori. Lori likiharibika Mombasa walikaa hata wiki mbili wakingoja spea, na yeye alilala nyuma ya hoteli moja ndogo ambapo bibi wa pale alichoma samaki. Akarudi nyumbani Kilungu na ujuzi ambao hakuna mtu milimani aliyeuona kuwa kazi. Wazee wetu walimhesabu samaki kuwa ndugu wa nyoka, si chakula. Mama yangu alikubali kuolewa naye hivyo hivyo, lakini kila Nau alipopanda kuja nyumbani mwisho wa mwezi, alikuta ndoo ya maji, sabuni na nguo safi zinamngoja nje ya mlango. Haingii mpaka aoge. Mama alilima, akauza maparachichi na matunda mengine, akatulea, na chakula kilichokuwa kinalisha nyumba yake hakuwahi kukiweka mdomoni.

Basi ugonjwa wa Nau ulianzia kwenye kile kipande cha asubuhi.

Mwanzoni alisema makaa ni mabaya. Alikuwa akionja, anatafuna, anatafuna tena, halafu anakunywa maji. "Imekauka," anasema, na uso wake unakunjamana kama mtu aliyeshikwa na aibu. Akapunguza moto. Akainua wavu kwa mawe. Kesho yake akaonja tena, ikawa imekauka tena. Akaanza kuwatoa samaki mapema, na mapema zaidi. Nilimwona, lakini nani angemwambia Nau habari ya moto?

Mchana mmoja mwenye duka la spea, mwanamume kutoka Murang'a aliyehamia Kambu na familia yake zamani, aliinuka na sahani yake akaja mpaka kwenye pipa. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amekula kwetu karibu kila wiki.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, "leo umenipea samaki bado anaogelea."

Nau alipokea sahani. Akamfungua yule samaki kwa vidole. Juu, nyama ilikuwa nyeupe. Chini, karibu na uti wa mgongo, ilikuwa kama kioo chenye ukungu, imeng'ang'ania mfupa, na damu nyekundu imelala kwenye uti kama uzi. Alimwangalia kwa muda mrefu. Akamrudisha motoni, akaomba msamaha, kisha akaniita nyuma ya kibanda. Alikuwa amebeba samaki wa asubuhi, yule aliyemwonja.

"Kula," akaniambia.

Nikala pale pale nyuma ya kichwa. Nyama ilivutika kama mpira.

"Haijaiva, Nau."

"Una hakika?"

"Haijaiva kabisa. Iko na ubichi."

Akakaa kwenye mtungi wa maji uliopinduliwa. "Na mimi," akasema, "naisikia imekauka kama pamba. Inakwama hapa." Akagusa chini ya koo, pale mifupa miwili ya kifua inapokutana. "Basi si samaki."

Hospitali zilituchukua wiki nyingi, kwanza ya kaunti, halafu Nairobi. Daktari alikuwa mwanamke kijana kidogo kuliko mimi, mpole, akachora njia ya chakula kwenye karatasi, akaonyesha pale ilipobanwa. Saratani. Ilikuwa imeenda mbali kiasi kwamba kukata hakungesaidia. Wangempa mionzi ili njia ifunguke kidogo, apate kula, apate muda. Hakusema muda gani na sisi hatukuuliza. Chakula kiwe laini, chenye maji, bila mfupa, na kisiwe kibichi hata kidogo, kwa sababu mwili wake hautakuwa na nguvu ya kupigana na uchafu wowote.

"Uji," nikasema.

"Uji, supu, mayai yaliyoiva, viazi vya kuponda."

Nau alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Akakiinua. "Na samaki wa kuchoma?"

Daktari alifikiri. "Kama ameiva mpaka ndani, na ni laini, na mmetoa miiba yote, sawa. Ngozi hapana. Akiwa mkavu hatapita. Akiwa mbichi ni hatari."

Tulipotoka nje, Nau alisimama kwenye ngazi akishika chuma. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi niliona kitu kama mzaha machoni pake.

"Umesikia? Katikati ya mkavu na mbichi. Hiyo ni kazi yetu."

Tuliporudi Kambu, mionzi ikiwa imekwisha, mikono yake ilikuwa inatetemeka, na moshi ulimfanya akohoe mpaka anashika nguzo. Asubuhi ya pili alichomoa kutoka kwenye bati ile spoku yake ya kupimia samaki, waya wa gurudumu la baiskeli aliounoa ncha kwa jiwe, akanipa. Hakufanya sherehe yoyote. Akavuta kiti upande ambao upepo hauleti moshi, akakaa.

"Lete changu mmoja. Mlaze kwenye ubao. Sasa simamisha kidole gumba kando yake, pale nyuma ya kichwa."

Nikasimamisha. Unene wa samaki ulifika kwenye kiungo cha kwanza cha kidole changu na kupita kidogo.

"Hiyo ni pingili moja na kidogo. Pingili moja ni karibu dakika kumi, pande zote mbili pamoja. Upande wa kwanza mpe zaidi, wa pili punguza, kwa sababu joto liko ndani tayari. Usiangalie urefu. Urefu ni wa mvuvi kujisifu. Moto hauendi toka kichwa mpaka mkia. Moto unatoka chini unatafuta katikati."

"Na akiwa pingili mbili?"

"Wengi wanadhani ni mara mbili. Inapita mara mbili, na lazima moto uwe wa chini, la sivyo nje itakuwa makaa na ndani bado baharini. Inua wavu. Mkate mikato upande kwa upande mpaka ukaribie mfupa, pale penye unene tu. Mkia usiukate, mkia hauna kitu, utakauka."

Alinifundisha kumfuta samaki mpaka awe mkavu, kupaka mafuta, kungoja wavu uwe moto sana kabla ya kumweka. Alinifundisha kutomsumbua. Nilijaribu kumgeuza mapema na ngozi ikabaki kwenye chuma. "Hajakuruhusu," akasema. "Ngozi ikishapata rangi itaachia yenyewe. Ukivuta na inakataa, ngoja."

Macho, aliniambia, ni waongo: yanakuwa meupe wakati joto bado halijafika katikati. Afadhali pezi la mgongoni. Ukilivuta na likatoka bila ubishi, amekaribia. Halafu spoku. Unaichoma nyuma ya kichwa mpaka iguse uti, unaiacha muda wa kuvuta pumzi mara kadhaa, unaitoa, unaigusisha mdomo wa chini. Ikiwa baridi, bado. Ikiwa vuguvugu, bado kidogo. Ikikufanya uruke, tayari.

Samaki wangu wa kwanza kwa ajili yake nilimwogopa. Nilikuwa nimesikia neno hatari kutoka kwa daktari na likanikaa kichwani, basi nikamwacha motoni, nikamwacha tena, kwa usalama. Nilipomtoa, matone meupe yalikuwa yameganda kwenye mikato, kama maziwa yaliyokatika. Nau aliyaona toka kwenye kiti chake.

"Hayo ni machozi," akasema. "Ukiyaona yamejaa hivyo, umeshachelewa. Maji yake yote yametoka."

Hata hivyo alijaribu. Nilichambua, nikatoa miiba, nikampa kidogo kwa kijiko. Alitafuna. Alimeza. Nikaona shingo yake ikikaza, macho yakamtoka, na kile chakula kikarudi kwenye kitambaa. Yule mama wa duka alikuja mbio na kikombe cha maziwa ya ngamia, akamshika mgongo, akinitupia macho makali. Maziwa yakapita. "Mpe maziwa, wewe!" akanifokea. "Samaki wa nini kwa mgonjwa?" Lakini kesho yake alituma barafu mpya na changu mdogo, akasema jaribu na huyu, ana mafuta.

Nilijaribu siku nyingi. Nilijifunza kwamba samaki anaendelea kuiva hata baada ya kutoka motoni. Nilimtoa pale nyama iliyo karibu na uti ilipokuwa bado imeshika kama uzi mmoja, nikamfunika na sahani, nikangoja. Nikifunua, nilikagua tena pale penye unene: mfupa mweupe, hakuna damu kwenye uti, maji yanayotoka ni maangavu kama ya mvua, nyama imeachana yenyewe vipande vipande, na bado inang'aa. Spoku kwenye mdomo ilichoma. Siku ya kwanza nilipompata hivyo, Nau alikula upande mzima, kijiko kwa kijiko, akipumzika katikati. Alipomaliza aliguna, nami nikaenda nyuma ya kibanda nikalia.

Hali hiyo ilidumu kitambo. Halafu akaanza kushindwa kukaa kwenye kiti, na tukampeleka nyumbani.

Kilungu ni mbali na Kambu kwa kila namna. Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu unashuka milimani asubuhi na kukaa mpaka karibu saa sita. Mama alimtandikia Nau kitanda sebuleni, karibu na mlango, apate kuona shamba. Alimkanda miguu. Alimwimbia nyimbo za kanisa kwa sauti ndogo. Nilipomwambia kwamba Nau hali uji tena, kwamba ninataka kuchoma samaki hapo nyumbani, alitazama nje shambani. Kisha akasema, "Fanya nje, chini ya mti wa parachichi. Na sahani iwe yake peke yake."

Mama wa duka alifunga samaki kwa barafu na kuwatuma na basi. Mimi niliteremka mpaka njiapanda kuwachukua, nikapanda tena na bodaboda, boksi likinidondoshea maji baridi magotini. Siku hiyo ya kwanza nilipima unene kwa kidole, nikahesabu kama tulivyohesabu Kambu, nikasahau mambo mawili. Samaki alikuwa bado na barafu ndani ya tumbo. Na jiko la mama lilikuwa dogo, na upepo wa mlimani ulikuwa unabeba joto lote kabla halijamfikia. Ngozi ilipata rangi nzuri, macho yakawa meupe, na nilipochoma spoku na kuigusisha mdomoni ilikuwa baridi kama sindano.

Nikamrudisha. Ngozi ikaanza kuungua. Ndani bado. Shangazi yangu, dada wa Nau, alikuwa amekuja kumwona, akasimama mbali akiziba pua na leso. "Hii harufu itamuua kabla ya ugonjwa," akasema. Nilichambua kilichoiva karibu na tumbo, kidogo sana, na kikawa kikavu. Nau alikula vijiko viwili akakohoa mpaka akachoka.

"Nau, nimeshindwa," nikamwambia.

"Hujashindwa. Umesahau kumwuliza ametoka wapi." Alikuwa anaongea kwa shida, neno moja moja. "Mwache kivulini kwanza. Si sana. Mpaka tumbo lake liache kuuma kidole. Halafu zuia upepo."

Kesho yake nilifanya hivyo. Nilisimamisha mabati mawili kuzunguka jiko, nikamngoja samaki atokwe na baridi ya barafu, nikampa muda zaidi ya nilivyozoea, nikamfunika na sufuria iliyopinduliwa ili joto la juu limsaidie la chini. Mkia niliufunga kwa jani la mgomba. Akaiva. Nau alikula kutoka nyuma ya kichwa mpaka katikati ya mgongo. Mama alisimama mlangoni akishikilia ungo wenye mbaazi, akamwangalia mumewe akila, na mbaazi zikawa zinamwagika kidogo kidogo bila yeye kujua.

Nilimchomea hivyo mara kadhaa, kila mara akila kidogo kuliko mara iliyopita. Nusu ya upande. Vijiko vinne. Kijiko kimoja. Mwishowe hata maji yalirudi. Hospitali walitaka kumwekea mpira wa kumlisha kupitia tumboni. Alimsikiliza mhudumu wa afya aliyetumwa, akamshukuru, akasema hapana. Mama alimsihi. Akasema hapana tena, na akamshika mkono.

Siku mbili baadaye, mchana, aliniita.

"Mwiitu," akasema. Ndivyo alivyozoea kuniita, msichana, ingawa nina watoto wakubwa. "Kuna samaki?"

"Yuko mmoja, Nau."

"Choma."

"Utakula?"

"Choma tu. Lete jiko hapa mlangoni nione."

Nilimtazama mama. Samaki hakuwahi kuchomwa kwenye mlango ule. Mama akaitikia kwa kichwa polepole, akasogeza kiti kutoa nafasi.

Nilimchoma yule changu mbele yake. Unene wake ulikuwa pingili moja kamili. Nau alilala ubavu, akiangalia. Nilipotaka kumgeuza, kidole chake kiliinuka kutoka kwenye blanketi: ngoja. Nikangoja. Kikashuka. Nikamgeuza, na ngozi ikaachia bila kubaki hata kidogo. Nilichoma spoku, nikaigusisha mdomo, nikamtoa, nikafunika. Nyumba yote ilijaa ile harufu. Nikafunua, nikachukua kijiko kumchambulia.

"Si mimi," akasema. "Mpe mama yako."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa kitanda. "Mimi?"

"Wewe."

"Mimi sijui kumla huyo."

"Anza nyuma ya kichwa. Pale penye unene."

Nilidhani angekataa. Aliinuka, akanawa mikono, akaiweka sahani magotini. Alimwangalia samaki jichoni kama mtu anayepima mgeni. Kisha akasukuma ngozi kwa kidole na kuvuta, na nyama ikatoka kipande kipana chenye umbo la jani, ikauacha mfupa safi. Akaiweka mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu sana, akiwa amefumba macho, na hatukujua kama anakula au anaomba.

"Imeiva?" Nau akauliza.

"Nitajua aje? Sijawahi kula iliyoiva wala mbichi."

Nau alicheka. Sauti haikutoka, lakini mabega yalitikisika.

"Imeachana na mfupa?"

"Imeachana."

"Kwa mfupa kuna damu?"

Mama aliinamisha sahani kwenye mwanga wa mlango. "Hakuna. Ni mweupe."

"Iko na maji, ama ni kavu?"

"Iko na maji." Akalamba kidole bila kufikiri.

"Inateremka?"

Mama alimeza. Akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Inateremka," akasema.

"Basi imeiva."

Alikula kipande kingine, na kingine. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya jiko, nikijifanya ninapanga makaa. Baadaye mama akasema, kama anayezungumza na sahani, "Kumbe hii ndiyo ulikuwa unanukia miaka hii yote."

"Hiyo."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia," Nau akasema. "Ukanipea sabuni."

Hapo mama alicheka na kulia pamoja, kinywa kimejaa, na Nau akamwekea mkono kwenye goti, akauacha hapo. Mama alikula upande wa juu wote. Nikataka kumgeuzia samaki upande wa pili, akanizuia, akainua uti mwenyewe kama aliyefanya hivyo tangu utotoni, akala na ule wa chini.

Nau alituacha wiki hiyo hiyo, asubuhi, mama akimlowanisha midomo kwa pamba. Tulimzika shambani. Watu walikuja kutoka Kambu na basi dogo la kukodi: madereva wawili, mwenye duka la spea na mkewe, na yule mama wa duka aliyesimama nyuma ya wote na mikono imefunguka mbele ya kifua, akiomba kwa dini yake. Shangazi aliwapikia. Hakuna aliyezungumza habari ya harufu.

Nilirudi kibandani baada ya majuma kadhaa. Nilifagia, nikawasha pipa, nikachoma samaki wa kwanza, nikabandua kipande nyuma ya kichwa. Alikuwa ameiva. Nilijua ameiva, kwa mfupa, kwa maji, kwa spoku. Nilikishika kile kipande mkononi mpaka kikapoa, kisha nikakirudisha kwenye sahani, nikasonga ugali. Wateja wengine walirudi, wengine walikuwa wamezoea mahali pengine. Mwenye duka la spea alikula samaki wake, na nilipokwenda kuondoa sahani nikakuta ameuinua uti wa mgongo na kuuweka pembeni, umenyooka, mweupe.

Mama alishuka kwa mara ya kwanza maishani kuja Kambu wakati wa kiangazi, kuchukua blanketi na koti la Nau. Nilimwandalia meza ya kivulini, nikamuuliza kama nimchomee samaki.

"Hapana," akasema. "Nipe chai."

Alikunywa. Alitazama malori, maboksi, watu. Kisha akaniuliza Nau alikuwa akisimama wapi. Nikamwonyesha upande wa pipa ambao ardhi ilikuwa imechimbika kidogo kwa miguu. Akaenda akasimama hapo, koti la Nau mkononi. Upepo ukageuka na moshi ukamjia usoni. Nilimwambia, sogea huku, Mwaitu, mama yangu, moshi utakuumiza macho. Hakusogea. Alisimama hapo mpaka basi la kwenda juu likafika, na kondakta akalazimika kumwita mara mbili.